Hisa za upendeleo au za kawaida? Jibu kwa mama wa Lubumbashi

*Papa, shemeji yangu na ndugu zake wawili wana kampuni ya kinu cha unga huku Kampemba. Wanataka niingize dola 40,000 nilizoweka akiba. Wananiambia nitapewa hisa za upendeleo, asilimia 10 kila mwaka, ila sitapiga kura. Wengine wananiambia nikatae, nidai hisa za kawaida kama wao. Ipi bora, na kila moja inanipa haki gani hasa?*

Mama, kabla ya kupima hisa, fungua statuti za kampuni yao, yaani hati ya kanuni zake, ukurasa wa kwanza, usome herufi zinazofuata jina la kampuni. Ukikuta SARL, yaani kampuni ya wabia wenye dhima yenye mpaka, mazungumzo ya upendeleo yasimame hapo. Katika SARL mtu anamiliki sehemu za kampuni, si hisa, na kila sehemu ina kura yake. Hisa za upendeleo ni mambo ya SA, yaani kampuni ya hisa, na SAS, kampuni ya hisa iliyorahisishwa. Nchi yetu ilianza kutumia sheria za OHADA, sheria za biashara zinazotumiwa kwa pamoja na nchi kadhaa za Afrika, mwaka 2012, na sheria ya makampuni iliyorekebishwa mwaka 2014 ndiyo iliyoziweka hisa hizo wazi. Kwa hiyo wakiwa na SARL watalazimika kwanza kuigeuza kampuni, na ahadi yoyote waliyokupa kabla ya hapo haina pa kusimama.

Nichukulie kwamba ni SA, na nijipangie hesabu ambayo wewe utairekebisha kwa namba zao halisi. Tuseme ndugu watatu wana hisa 1,200 za dola 100 kila moja, 400 kwa kila mtu. Mtaji wao ni dola 120,000. Wewe unaleta 40,000, unapata hisa 400. Mtaji mpya ni 160,000, na wewe ni robo yake.

Hisa ya kawaida inakupa mambo mawili makubwa. Inakupa kura moja kwenye mkutano mkuu, na inakupa fungu katika chochote kitakachobaki baada ya wengine wote kulipwa. Neno "kitakachobaki" ndilo la kulikumbuka. Mwenye hisa ya kawaida yuko mwisho wa foleni, lakini mwisho huo hauna kikomo: kampuni ikifanikiwa mara kumi, na fungu lake linakua mara kumi.

Hisa ya upendeleo inakusogeza mbele katika foleni hiyo. Unalipwa gawio lako kabla ya wenye hisa za kawaida kugusa lao, na kampuni ikifungwa unarudishiwa mtaji wako kabla yao. Kwa kawaida unalipia nafasi hiyo kwa vitu viwili: fungu lako linawekewa dari, na kura yako inaondolewa au inasimamishwa. Sheria inaruhusu hilo, ila inaweka mpaka: hisa za upendeleo zisizo na kura zisizidi nusu ya mtaji wa kampuni. Za kwako zingekuwa robo, kwa hiyo shemeji yako hajavunja sheria kwa kukupendekezea hivyo. Wala si lazima awe na nia mbaya. Watu walioanzisha kinu kwa mikono yao wanaogopa kupoteza usukani, na hii ndiyo njia ya halali ya kupokea fedha za mtu bila kumkabidhi usukani.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo watu wengi wanapoumia. Hiyo asilimia 10 si riba. Ungekuwa umewakopesha dola 40,000, ungewadai riba wapate faida wasipate. Mwenye hisa hawezi kulipwa gawio pasipokuwa na faida. Gawio la namna hiyo sheria inaliita gawio la uongo, na kulitoa ni kosa. Hata statuti zikiandika kwamba wewe hutaguswa na hasara yoyote ile, kifungu hicho kinahesabika kana kwamba hakikuandikwa. Kwa hiyo "asilimia 10 kila mwaka" maana yake ni hii: mwaka ambao kuna faida inayogawika, na mkutano mkuu umeamua kuigawa, dola 4,000 za kwanza ni zako. Yako masharti mawili ndani ya sentensi hiyo. La kwanza linategemea mahindi na soko. La pili linategemea kura, na kura ndicho kitu unachoombwa ukiache.

Tuanze na la kwanza.

Mwaka wa kwanza kinu kinapata faida ya dola 30,000. Sheria inataka asilimia 10 ya faida iwekwe kwenye akiba ya kisheria, hadi akiba hiyo ifike moja ya tano ya mtaji. Basi 3,000 zinakwenda huko, na 27,000 zinabaki za kugawa. Wewe mwenye upendeleo unachukua 4,000, na ndugu watatu wanagawana 23,000. Ungekuwa na hisa za kawaida, 27,000 zingegawanywa kwa hisa 1,600 zote, na robo yako ingekuwa 6,750. Mwaka mzuri, basi, hisa ya kawaida inakushinda.

Mwaka wa pili Zambia inazuia mahindi yasivuke Kasumbalesa, jambo ambalo tumeliona zaidi ya mara moja. Kinu kinasimama wiki nyingi, na mwaka unafungwa kwa hasara ya dola 10,000. Hakuna anayepata kitu, wewe wala wao.

Mwaka wa tatu faida ni 17,000. Inafidia kwanza hasara ya mwaka uliopita, zinabaki 7,000. Asilimia 10 yake, yaani 700, inakwenda akiba. Zinabaki 6,300 za kugawa. Na hapa neno moja katika statuti linaamua kila kitu. Kama gawio lako ni *limbikizi*, ule mwaka wa pili ambao hukulipwa haukufutika. Unadai 4,000 za mwaka wa pili na 4,000 za mwaka wa tatu, jumla 8,000. Unachukua 6,300 zote, ndugu wale watatu hawapati hata faranga, na bado unawadai 1,700. Kama gawio lako *si* limbikizi, mwaka wa pili umekufa. Unachukua 4,000 za mwaka huu, na 2,300 zilizobaki zinakwenda kwao.

Mwaka wa nne kinu kimerudi kwenye 30,000, za kugawa ni 27,000. Mwenye gawio limbikizi anachukua 5,700, yaani deni la 1,700 pamoja na 4,000 za mwaka. Asiye na limbikizi anachukua 4,000.

Jumlisha miaka minne. Upendeleo wenye limbikizi umekupa dola 16,000. Upendeleo usio na limbikizi umekupa 12,000. Hisa za kawaida, kwa hesabu ile ile na faida yote ikiwa imegawiwa, zingekupa 6,750, sifuri, 1,575 na 6,750, yaani 15,075. Hisa za kawaida zimeshindwa na upendeleo mmoja na kuushinda mwingine, na tofauti kati ya upendeleo huo na huu ni neno moja tu kwenye karatasi. Kwa hiyo swali la "upendeleo au kawaida" bado halijakamilika, mama. Lazima kwanza uulize: upendeleo wenye limbikizi, au usio nalo? Neno hilo usipolikuta kwenye statuti, usikubali kuambiwa kwamba "ndivyo inavyoeleweka".

Niliwahi kumsaidia baba mmoja, fundi wa magari, aliyekuwa amenunua hisa za upendeleo kwenye kampuni ya marafiki zake. Alipewa barua nzuri yenye muhuri, na ndani yake limbikizi limetajwa wazi. Tulipofungua statuti zilizosajiliwa, neno hilo halikuwemo. Haki za hisa za upendeleo zinatoka kwenye statuti. Alikuwa na miaka miwili bila gawio, na tulibaki tunabembeleza. Jambo hilo linanikereketa hadi leo, kwa sababu lingerekebishwa kwa dakika tano mbele ya notere kabla ya kulipa.

Sasa sharti la pili, la kura, ambalo watu hulizungumza kidogo.

Kila mwaka, ndani ya miezi sita baada ya hesabu kufungwa tarehe 31 Desemba, mkutano mkuu wa kawaida unakaa. Unapitisha hesabu na kuamua faida iende wapi. Ikiamuliwa igawiwe, malipo yafanyike ndani ya miezi tisa tangu mwaka kufungwa, yaani kabla ya Septemba kwisha. Lakini mkutano unaweza pia kuamua faida yote ibaki ndani ya kampuni. Na huo mara nyingi ni uamuzi mzuri: kununua mashine ya pili, kujenga ghala, kununua jenereta ili umeme ukikatika unga usisimame.

Tazama lakini unavyokugusa. Ndugu watatu wanaamua kwamba kwa miaka mitatu faida yote inajenga ghala. Kama huna limbikizi, umepoteza 12,000, na haukuwa mkosi wa soko. Fedha hizo zimegeuka matofali na mabati, na thamani ya ghala hilo siku ya mwisho ni ya wenye hisa za kawaida, kwa sababu fungu lako lina dari. Kwa maneno mengine, wamejenga kwa sehemu yako na ghala limebaki lao. Kama una limbikizi, deni linakua hadi 12,000 na litalipwa kabla hawajagusa chao, ingawa halizai riba isipokuwa statuti ziseme. Kwa hiyo wana sababu ya kutokukawia. Hapo ndipo utaona kwamba limbikizi halikulindi tu dhidi ya miaka mibaya. Linakulinda dhidi ya kura za wenzako.

Utaniuliza: siwezi kwenda mahakamani? Unaweza. Sheria ya OHADA inajua kitu kinachoitwa matumizi mabaya ya wingi: wenye kura nyingi wakipitisha uamuzi kwa faida yao peke yao, kinyume na maslahi ya wachache, na bila sababu inayotokana na maslahi ya kampuni, uamuzi huo unaweza kubatilishwa. Lakini ghala ni sababu. Mahakama itaona mashine, itaona risiti za saruji, na wewe ndiye utakayelazimika kuthibitisha ubaya. Ni silaha ya kuwa nayo, sikushauri uitegemee.

Iko dawa bora, nayo ni kurudi kwa kura. Ujerumani imeiweka ndani ya sheria yake ya makampuni: mwenye hisa ya upendeleo isiyo na kura asipolipwa gawio lake la upendeleo mwaka mmoja, na mwaka unaofuata asilipwe lile deni pamoja na la mwaka huo, anapata kura hadi atakapolipwa yote. Hisa za upendeleo za Volkswagen, ambazo hazina kura na hupata gawio la senti 6 za yuro zaidi ya hisa za kawaida, ziko chini ya sheria hiyo. Kwetu huwezi kukaa ukisubiri kura irudi yenyewe, inapaswa kuandikwa. Na sheria yetu inatoa nafasi, kwa sababu inaruhusu kura ya hisa za upendeleo iondolewe kabisa au isimamishwe kwa muda unaoweza kupimika. Wewe omba *kusimamishwa*, usiombe *kuondolewa*. Kusimamishwa hadi pale gawio litakapokosekana miaka miwili mfululizo ni muda unaopimika.

Kuna kura moja ambayo hawawezi kukunyima hata hisa zako zikiwa hazina kura. Mkutano mkuu ukiamua kubadilisha haki za aina yako ya hisa, mathalani kushusha asilimia 10 kuwa 6, uamuzi huo lazima uidhinishwe na mkutano maalumu wa wenye aina hiyo ya hisa, kwa theluthi mbili. Ukiwa wewe peke yako ndiye mwenye hisa za upendeleo, mkutano maalumu ni wewe, na "hapana" yako inatosha. Lakini angalia mpaka wake. Kinga hiyo inahusu mabadiliko ya haki zako. Haigusi uamuzi wa kila mwaka wa kugawa au kutogawa.

Na je, ukichukua hisa 400 za kawaida, kura yako ingekuwa na nguvu kiasi gani? Wanaokushauri udai za kawaida wanasema "utakuwa na robo", kana kwamba robo inaamua. Tuihesabu. Mkutano wa kawaida unaamua kwa wingi wa kura zilizopigwa. Mkutano usio wa kawaida, ule wa kubadilisha statuti, kuongeza mtaji au kuunganisha kampuni, unataka theluthi mbili. Ndugu watatu wakikubaliana wana kura 1,200 kati ya 1,600, yaani robo tatu. Wanakupita kwenye mikutano yote miwili. Ili uweze kuzuia mabadiliko ya statuti peke yako ungehitaji zaidi ya theluthi, yaani hisa 601, dola 60,100. Huna.

Lakini ndugu watatu hawakubaliani siku zote, na hapo hesabu inageuka. Leo, kabla hujaingia, wawili kati yao wana 800 kati ya 1,200. Hiyo ni theluthi mbili kamili. Wawili wakishikana wanaweza kufanya kila kitu, hata kubadilisha statuti, na wa tatu hana la kusema. Ukiingia bila kura, hali hiyo inabaki vile vile. Ukiingia na hisa 400 za kawaida, wawili hao wana 800 kati ya 1,600, nusu kamili, na nusu si wingi. Hawawezi kupitisha hata hesabu za mwaka bila wewe au ndugu wa tatu. Basi kura yako ni dhaifu wakiwa kitu kimoja na ni ya dhahabu wakigawanyika. Wewe unawajua hao watu, mimi siwajui. Swali la kura katika kampuni ya familia ni swali la familia, na jibu lake utalipata ukikumbuka walivyogawana mali ya baba yao.

Chunguza pia kama statuti zinatoa kura mbili kwa hisa iliyoshikiliwa na mtu yule yule miaka miwili au zaidi. Sheria inaruhusu hivyo katika SA, kwa hisa zenye jina la mwenyewe zilizolipiwa zote. Kama kifungu hicho kimo, ndugu watatu wana kura 2,400 na zako 400 si robo tena, ni moja ya saba. Na kama kampuni ni SAS badala ya SA, namba hizi zote za wingi na theluthi mbili zinaweza kuwa tofauti, kwa kuwa SAS inajiandikia nyingi za kanuni zake za kura. Soma kwao, usisome kwangu.

Kuhusu siku ya kufunga kampuni nitakuwa mfupi. Wakopeshaji, wafanyakazi na serikali wanalipwa kwanza, na hakuna hisa inayowatangulia. Tuseme baada yao zimebaki dola 50,000. Mwenye upendeleo wa kurudishiwa mtaji anachukua 40,000 zake, ndugu wanabaki na 10,000. Kwa hisa za kawaida ungepata robo, 12,500. Geuza sasa: tuseme mfanyabiashara mkubwa anakinunua kinu kizima, na baada ya madeni yote zimebaki 400,000. Mwenye upendeleo anachukua 40,000 zake tu, pengine na malimbikizo, wakati robo ya kawaida ingekuwa 100,000. Hapo ndipo dari linapouma. Na kumbuka kwamba nchini kwetu hakuna soko la hisa ambako ungeamka asubuhi na kuziuza. Kutoka kwenye kampuni ya familia ni lazima mtu akununue. Kwa hiyo omba statuti ziseme ni lini na kwa bei gani unaweza kudai hisa zako za upendeleo zinunuliwe, au zigeuzwe kuwa za kawaida, mathalani baada ya miaka mitano, hisa moja kwa hisa moja. Ukipata haki ya kugeuza, dari linakuwa mlango.

Sasa umeniuliza ipi bora, na sitakukwepa. Kwa dola 40,000 ambazo ni akiba yako yote, mimi nisingechukua upande mmoja. Ningeomba hisa 200 za upendeleo zenye gawio limbikizi, na hisa 200 za kawaida. Zile za upendeleo zinakuletea 2,000 kwa mwaka, mbele ya kila mtu. Zile za kawaida zinakupa fungu kinu kikikua, na zinakupa kiti. Fanya hesabu ya kura: sasa kura zote ni 1,400. Ndugu wawili wakishikana wana 800, zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu za mwaka wanaweza kuzipitisha. Lakini theluthi mbili ya 1,400 ni zaidi ya 933, na hawaifikii. Statuti, pamoja na vifungu vyako vya upendeleo, hazibadilishwi bila wewe au ndugu wa tatu. Mwaka mzuri kama ule wa kwanza ungepata 2,000 za upendeleo, na karibu 3,570 za kawaida. Ni pungufu ya 6,750, lakini ni zaidi ya 4,000, na hukuacha kura yako yote.

Shemeji yako akisema hapana, hataki uwe na kura hata moja, bado unaweza kukubali, ikiwa atakubali mambo mawili yaandikwe: limbikizi, na kura kurudi baada ya miaka miwili bila gawio. Maneno yenyewe si marefu. Mpe notere haya, ayaweke kwa Kifaransa cha sheria:

"Kila hisa ya upendeleo ina haki ya gawio la asilimia 10 ya thamani yake iliyolipwa, kabla ya gawio lolote la hisa za kawaida. Gawio lisilolipwa kwa mwaka fulani, lote au sehemu, linahamia miaka inayofuata na kulipwa kabla ya lile la mwaka. Kura ya hisa hizi imesimamishwa. Ikiwa gawio halijalipwa lote kwa miaka miwili mfululizo, kura inarudi, kura moja kwa hisa moja, hadi malimbikizo yote yalipwe."

Akikataa hayo mawili pia, chukua hisa za kawaida, au mkopeshe tu kwa mkataba wa riba. Upendeleo usio na limbikizi, usio na kura, wenye dari, katika kampuni ambayo wengine ndio wanaoamua kama faida igawiwe, una hasara za hisa zote mbili, na mimi nisingemshauri dada yangu aununue.

Mwisho, utaratibu wa kulipa. Hisa za upendeleo zinaundwa na mkutano mkuu usio wa kawaida, ukiwa na ripoti ya mkaguzi wa hesabu mbele yake. Omba nakala ya muhtasari wa mkutano huo wenye saini. Fedha zipitie akaunti ya benki kwa jina la kampuni, zisipitie mkononi mwa shemeji hata kama mnalala nyumba moja. Notere aandike kwamba zimepokelewa, statuti mpya ziingizwe RCCM, daftari rasmi la biashara, na jina lako liandikwe kwenye daftari la wenye hisa, likionyesha aina ya kila hisa uliyonayo. Uende ulitazame daftari hilo kwa macho yako, ukiwa na mtoto wako mmoja mkubwa pembeni anayejua kusoma Kifaransa cha karatasi.